Uzoefu wangu: NVDA katika kukagua tovuti ya duka la vitenge

Hutengeneza na kukarabati tovuti hapa Nairobi, na NVDA ndiyo programu ninayoitegemea kujua kama mtu asiyeona ataweza kuzitumia. Nitaieleza kupitia kazi yangu ya karibuni, tovuti ya duka la vitenge la mtaa wa Biashara iliyojengwa na fundi mwingine. Mwenye duka alinitafuta baada ya mteja wake wa siku nyingi, mama aliyepoteza uwezo wa kuona kwa glakoma, kumpigia simu akisema kompyuta inamsomea mambo yasiyoeleweka.

NVDA ni kisoma skrini cha Windows, cha bure kabisa, kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Ukishaiwasha, zima skrini ya kompyuta. Usipoizima jicho litakusaidia bila wewe kutaka, na utadhani ukurasa unaeleweka.

Nilibonyeza herufi G, inayokupeleka kwenye picha moja baada ya nyingine. Kila kitenge kilikuwa picha yenye kiungo, bila maelezo yoyote. Kisoma skrini kikikuta kiungo cha namna hiyo hutafuta chochote cha kusema, na mara nyingi hupata jina la faili. Picha zilipigwa kwa simu zikatumwa kwa WhatsApp, kwa hiyo nilisomewa "IMG", msururu wa tarakimu, kisha "WA0012". Ukurasa mzima ulikuwa hivyo. Yule mama alikuwa amesema kweli tupu.

Tiba ni maelezo mafupi ndani ya `alt`, sehemu ya msimbo wa picha ambayo kisoma skrini huisoma badala ya picha yenyewe. Nilikaa na mwenye duka tukayaandika pamoja, kwa sababu yeye ndiye anayejua wateja huuliza nini:

```html
<img src="IMG-WA0012.jpg"
 alt="Kitenge cha bluu iliyokoza, maua makubwa ya njano, yadi sita">
```

Hatukuandika "picha ya kitenge", maana NVDA hutangaza yenyewe kwamba hiyo ni picha. Mapambo ya pembeni tuliyapa `alt=""`, ili yarukwe kimya kimya. Bango la punguzo lilikuwa na bei na namba ya kulipia ya M-Pesa, vyote vimechorwa ndani ya picha. Hilo tuliliondoa tukaandika maneno ya kawaida. Hata mwenye uoni hafifu anufaika hapo, kwa kuwa herufi zilizo ndani ya picha hufifia anapozikuza.

Baada ya hapo kikabaki kitu ambacho watengenezaji wengi wa kwetu hawakigundui. Maelezo yalikuwa ya Kiswahili safi, lakini NVDA iliyasoma kama mtalii aliyekabidhiwa gazeti la Kiswahili, na bei zote ikazitaja kwa Kiingereza. Sababu ilikuwa mstari wa juu kabisa wa ukurasa, uliosema `lang="en"`. Tukaubadilisha:

```html
<html lang="sw">
```

Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA ina Kiswahili, na hubadilika yenyewe ikikuta alama hiyo. Ila kwenye Windows 10 na 11, NVDA huanza na sauti za Windows. Bonyeza Insert, Ctrl na S kwa pamoja, kisha uchague eSpeak NG. Sauti yake ni ya chuma, sikufichi, na mwanzoni inachosha. Hata hivyo maneno yanatoka kama yalivyoandikwa, na mimi naona hilo ni muhimu kuliko utamu wa sauti. Vitufe vilivyobaki na maneno ya Kiingereza tuliviwekea `lang="en"` kimoja kimoja.

Kwa rangi, NVDA haikusaidii. Itasoma maandishi yaliyopauka sawa na meusi. Bei za duka hili zilikuwa za kijivu, `#999999`, juu ya weupe. Nilipima kwa kichagua rangi kilicho ndani ya zana za wasanidi za Chrome, nikapata uwiano wa utofauti wa rangi kati ya maandishi na usuli wake wa 2.85 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida. Tulipoweka `#595959` uwiano ukafika 7 kwa 1. Mwenye duka alihofia uzuri wa ukurasa utapotea, lakini alipoufungua kwenye simu, nje juani, alikubali mwenyewe.

Kwa kukagua picha na lugha naipa NVDA alama zote. Kasoro yake kwangu ni kwamba haifanyi kazi kwenye simu, na wateja wengi wa duka hili hununua kwa simu. Kwa hiyo kila ukurasa naupitia tena kwa TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, kabla ya kuukabidhi, hasa fomu ya malipo, ambayo kwenye simu hupangwa tofauti.