Kengele ya dada yangu ilipotea kwa fundi

Nina hasira, lakini haki itendeke kwanza: kumwekea mtu mlio wake peke yake ndicho kitu kilichonifaa kuliko vyote kwenye simu yangu ya Android. Nauza viazi Mwanjelwa. Mikono ina udongo, simu iko mfuko wa ndani wa koti kwa baridi ya huku, siwezi kuitoa kila inapolia. Baba anaumwa Tukuyu na dada ndiye anayemuuguza. Nikamwekea dada kengele, wengine wote wakabaki na mlio wa kawaida. Kengele ikilia, naacha hata mizani.

Wiki kadhaa zilizopita simu ilianza kuganda, nikaipeleka kwa fundi. Akaiflashi, majina akayarudisha kwenye laini. Mimi huyo, nikarudi sokoni. Dada akapiga mara nne, mlio wa kawaida, nikadhani ni wateja wa magunia. Kumbe alitaka nauli ya kumpeleka baba hospitali. Akakopa kwa jirani.

Nilirudi kwa fundi nikitetemeka. "Mama, simu si inaita? Mlio ni mlio." Hata macho hakuinua. Baba yangu, halafu unaniambia mlio ni mlio!

Usiku nilifungua jina la dada, nikabonyeza vidoti vitatu pembeni. Pale palipokuwa na "Set ringtone" hapakuwa na kitu. Nikaamini simu imeharibiwa kabisa. Mpwa wangu ndiye aliyegundua kwamba jina limehifadhiwa kwenye laini. Laini inabeba jina na namba, mlio hauna pa kukaa. Tukamhifadhi dada upya kwenye akaunti ya Google, tukafuta jina lake la kwenye laini yasiwe mawili, na "Set ringtone" ikarudi. Nikamwomba dada abipu. Kengele! Nilitoa machozi.

Nilitaka kuishia hapo kwa sifa tupu. Juzi dada kapiga kwa WhatsApp, ukalia mlio wa kawaida tena. Hapo nilikata tamaa, nikasema kazi hii ni bure. Lakini WhatsApp haifuati mlio uliowekwa kwenye majina ya simu, ina mipangilio yake. Nikafungua jina la dada humohumo, sehemu ya arifa, simu zake nikazipa kengele ileile, na mtetemo nikachagua mrefu. Huo mtetemo ndio nilioupenda zaidi. Mashine za kusaga zikinguruma jirani, kengele haisikiki, ila mtetemo mrefu naupata kifuani kupitia koti, najua ni Tukuyu.

Kwa hiyo naupenda mpango huu, na siuachi. Yule fundi hajaniambia pole mpaka leo.