Alamu ya simu au programu ya vikumbusho?

Kwa anayeanza kujipangia ratiba ya kila siku, mimi napendelea alamu ya simu, na sababu yangu ni sauti. Alamu kwa kawaida hulia hata simu ikiwa imezimwa mlio. Programu nyingi za vikumbusho hutuma arifa tu, na arifa hufuata mlio wa simu: ukizima mlio, nayo inanyamaza.

Kwenye Android kuna kikwazo kingine. Mfumo wa kuokoa betri unaweza kuibana programu usiyoifungua mara kwa mara, na kikumbusho cha saa moja asubuhi kikaja umechelewa. Dalili yake ni arifa kumiminika zote pale unapoifungua. Hapo ingia kwenye mipangilio, uitoe programu hiyo kwenye vizuizi vya betri.

Lakini alamu ina udhaifu wake, na si mdogo. Tuseme umeiweka ikukumbushe mazoezi Jumatatu hadi Ijumaa. Inalia ukiwa bafuni umejaa povu, unaizima kwa kidole kilicholowa, basi imekwisha hadi kesho. Programu ingeliacha zoezi hilo kwenye orodha hadi uliwekee tiki, na jioni ungeliona bado linakungoja.

Kwa hiyo anza na alamu mbili, kila moja ukiipa jina la kazi yake. Ukijikuta unazizima bila kufanya kitu, hamia kwenye programu.