Picha ya mzee ndani ya joho: kazi ipi ya kununua ili mwanga wa uso ukubaliane na vazi

Ukiandaa sherehe ya mtindo wa zamani hapa Mombasa, tuseme baba anatimiza miaka 70, utataka picha kubwa ya kuweka mlangoni, mwenyewe amevaa joho, kilemba na jambia. Kama mzee yupo mjini, azima vazi, avae, apigwe picha, yaishe. Mwongozo huu ni wa mwenye mzee aliye mbali, au aliye na picha moja tu nzuri ya uso, anayetafuta fundi wa kuuweka uso huo juu ya vazi.

Kukata uso na kuuketisha kwenye kola ni kazi ambayo mafundi wengi wanaiweza. Pesa yako inapotea kwenye mwanga. Jua likitoka kulia usoni na kushoto kwenye joho, hata mtoto ataona kuna kitu hakipo sawa, ingawa hataweza kukitaja. Kabla ya kulipa, mwombe fundi akuonyeshe kazi zake za nyuma, kisha tazama kivuli cha pua na kivuli cha mikunjo ya nguo. Vyote viwili lazima vianguke upande mmoja. Tazama na ukali wa kingo zake: jua kali huacha kingo zilizokatika, mwanga wa kivulini huacha kingo zinazoyeyuka, na mtu mmoja hawezi kuwa na hali zote mbili kwa wakati mmoja. Halafu tazama chini ya kidevu. Kidevu hutupa kivuli juu ya shingo na kola, na fundi wa haraka husahau kukitia, ndiyo maana kichwa huonekana kinaelea.

Nafasi ya kwanza naipa kazi ambayo watu wachache huiomba: kupiga picha ya vazi upya, kwa kufuata mwanga wa uso ulio nao. Unatafuta ndugu mwenye umbo la mzee, unamvisha, na mpiga picha anamweka kwenye mwanga uleule.

Chukua mfano huu. Picha uliyo nayo ilipigwa Lighthouse, Barabara ya Mama Ngina, mzee ameipa bahari mgongo, saa kumi na moja jioni. Bahari pale iko upande wa mashariki, kwa hiyo jua la magharibi linampiga usoni kutoka mbele. Liko chini na lina rangi ya manjano. Kwenye uso utaona kivuli cha pua ni kifupi, kimeelekea shavu la kushoto kidogo, na ndani ya mboni kuna nukta ndogo kali. Nukta hiyo ndiyo jua lenyewe, na mahali ilipokaa ndani ya jicho panakuonyesha lilipokuwa. Sasa mpeleke binamu palepale, saa ileile, akiwa amevaa joho na kilemba, na mpiga picha amzungushe taratibu mpaka kivuli cha pua ya binamu kiangukie palepale kilipo cha mzee. Kamera iwe kwenye kimo na umbali sawa na wa picha ya kwanza. Wingu likiziba jua, ahirisheni.

Faida kubwa ya njia hii iko kwenye kipaji cha uso. Kilemba hutupa kivuli juu ya nyusi, lakini mzee alipigwa kichwa wazi, kipaji chake kinang'aa chote. Fundi atalazimika kukipaka kivuli hicho kwa mkono, kwenye tabaka la `Multiply` la Photoshop, linalotia giza kilicho chini yake. Akiwa na picha ya binamu pembeni haotei: anaona kivuli kinaanzia wapi, kinaishia wapi, na ni kizito kiasi gani. Vivyo hivyo kanzu nyeupe. Hurudisha mwanga juu, ikaangaza chini ya kidevu na matundu ya pua. Kama mzee alivaa shati jeusi, sehemu hizo zitakuwa nzito mno, na shingo ya binamu ndiyo itakayomwambia fundi azing'arishe kwa kiasi gani kwa `Curves`, chombo cha kuongeza na kupunguza mwanga.

Gharama yake ni kubwa kuliko zinazofuata, kwa sababu unalipia vazi, mpiga picha na fundi. Kwa bango la mlangoni ambalo wageni watasimama nalo karibu, mimi ningelipa.

Nafasi ya pili ni kinyume chake: vazi tayari unalo pichani, na mzee anapigwa picha mpya ya uso huko aliko. Ni rahisi zaidi, lakini unamtegemea mtu wa mbali afuate maelekezo, na hapo ndipo inapozidiwa na ya kwanza. Mtumie picha ya vazi na maneno machache: asimame kivulini akitazama mahali pa wazi, dirisha liwe upande fulani, taa za ndani zizimwe kwa sababu umanjano wake huchanganyika na mwanga wa mchana na hautengeki vizuri baadaye, na kifua kifunikwe kwa kitambaa cheupe kama vazi ni kanzu. Anayempiga asimame mita mbili hivi, asijipige mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa, maana pua huvimba.

Akiwa hapa Pwani, mwonye kuhusu mchana. Jua letu linafika juu kabisa baada ya saa sita na robo hivi, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba linakaribia kusimama utosini. Macho hugeuka mashimo, na hakuna vazi la studio litakalokubaliana na uso huo. Baraza lenye kivuli Mji wa Kale, uso ukielekea njiani, linatosha kabisa.

Nafasi ya tatu ni templeti, yaani vazi lililokwisha kupigwa picha ambalo fundi analo kwenye kompyuta. Ni nafuu na inaweza kutoka vizuri, ila kwa sharti moja: wewe ndiye uchague, kwa mwanga kwanza na uzuri wa vazi baadaye. Mwanga ukiwa upande usiofaa, fundi atageuza picha kwa `Flip Horizontal`. Ageuze vazi, asiguse uso, kwa sababu jamaa wanajua alama iko shavu gani. Na leso haigeuziki kamwe, jina lililoandikwa juu yake litasomeka kinyume.

Wengine hukimbilia nyeusi na nyeupe wakidhani itaficha kila kitu. Inaficha tofauti ya rangi, upande wa mwanga haifichi. Ukiitaka kwa ajili ya ukale wake, jua kwamba mabamba mengi ya zamani ya kupigia picha hayakuona rangi nyekundu, hivyo ngozi na midomo vilitoka vizito zaidi. Mwambie fundi apunguze `Reds` ndani ya `Black & White`, kwa kiasi, uso usije ukapoteza sura.

Nafasi ya mwisho ni programu za simu za kubandika uso. Nyingi hulinganisha rangi ya ngozi na kuacha upande wa kivuli jinsi ulivyo. Zinafaa kwa mzaha wa kundi la familia, si kwa kitu cha kuchapishwa.

Njia yoyote utakayochagua, kubaliana na fundi mapema kwamba utaona rasimu kabla ya kumaliza malipo. Iombe igeuzwe nyeusi na nyeupe, uisogeze mbali mpaka usitambue sura. Upande unaong'aa wa uso, shingo na bega ubaki kuwa mmoja. Kisha chapeni kipande kidogo cha uso na kola kwenye karatasi ileile ya bango, maana vivuli huzidi kuwa vizito vikishachapwa, na kile cha kilemba kinaweza kumeza macho.