GIMP kwa kulinganisha foto mbili: inachoonyesha, na pale inapoweza kukudanganya

Kwa kazi ya kutafuta kilichobadilishwa katika foto, programu ya kuhariri picha ya GIMP inanitosha. Ni ya bure, na haihitaji intaneti, jambo ambalo hapa Goma si dogo. Menyu nazitaja kwa Kifaransa, kama zinavyosomeka kwenye kompyuta nyingi za hapa.

Katika GIMP foto hupangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa tabaka lake, na nguvu yake iko katika hali moja ya tabaka iitwayo `Différence`. Inalinganisha kila pikseli ya tabaka la juu na ile iliyo chini yake, na kuonyesha tofauti tu. Zikiwa sawa unaona nyeusi. Zisipokuwa sawa unaona mwanga.

Chukua foto ya mji iliyopigwa jioni kutoka ziwani, volkano ya Nyiragongo ikiwa nyuma. Foto asili ina pikseli 4000 kwa 3000. Ya pili imepitia WhatsApp na imebaki 1600 kwa 1200. Anza kwa kuishusha ile kubwa hadi 1600 kwa 1200 kwa `Image > Échelle et taille de l'image`. Usiikuze ile ndogo, maana utakuwa unalinganisha na pikseli za kubuniwa. Kisha ifungue ya pili juu yake kwa `Fichier > Ouvrir en tant que calques`, na tabaka la juu uliweke `Différence`.

Usikimbilie hukumu. Kila ukingo wa paa ukiwa na mstari mwembamba unaong'aa, foto hazijakaa sawasawa: shika kifaa cha `Déplacement`, sogeza tabaka la juu kwa vishale vya kibodi, pikseli moja moja, hadi picha iwe nyeusi kadiri inavyowezekana. Katikati ikitulia huku pembeni mistari ikibaki, kusogeza hakutasaidia. Hapo foto moja imekatwa kidogo, imevutwa, au imenyooshwa kasoro ya lensi.

Picha ikishakuwa nyeusi, tumia `Calque > Nouveau depuis le visible`, halafu kwenye tabaka hilo jipya fungua `Couleurs > Niveaux` na uvute alama nyeupe ya upande wa kuingiza kutoka 255 hadi karibu 60. Wengi huruka hatua ya tabaka jipya, wakaongeza mwanga kwenye foto yenyewe badala ya kwenye tofauti, na matokeo yake ni fujo tupu.

Sasa vumbi hafifu litajitokeza karibu kila mahali, mara nyingi likiwa katika miraba midogo. Hiyo ni JPEG: hubana foto katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na kila inapohifadhiwa upya huacha alama zake, hasa kwenye majani, mawimbi na kingo za mabati. Hapa ndipo wasiozoea wanapodanganyika. Vumbi la JPEG hufuata vitu vyenye michoro mingi popote vilipo. Mkono wa mtu hukaa mahali pamoja, tena mara nyingi mahali pasipo na sababu. Katika foto yetu, angani pana mstari mmoja ulionyooka: waya wa umeme umefutwa. Ufukweni pana doa kali lenye umbo la mtu kando ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: aliondolewa. Juu ya kreta pana wingu laini lisilo na ukingo: brashi laini imepita hapo.

Ila `Différence` haisemi kama kitu kimeongezwa au kimetolewa. Kwa waya na mtu, ficha lile tabaka jipya, rudisha tabaka la foto ya pili kwenye hali ya `Normal`, kisha zima na uwashe jicho lake, utaona mwenyewe. Kwa lile wingu naamini zaidi hali ya `Extraction de grain`: inatoa tabaka la juu katika la chini, kisha inaongeza 128, hivyo pasipobadilika pana kijivu cha katikati. Weka foto inayoshukiwa chini na asili juu. Mwanga mwekundu ulioongezwa juu ya kreta utatokea kama wekundu. Ukipanga kinyume, rangi nazo zitageuka.

Kwa picha za watu, ngozi iliyolainishwa huonyesha vinyweleo na mabaka ndani ya mipaka ya uso, nguo zikiwa kimya. Kiuno kilichobanwa huacha mistari miwili inayokaribiana, ule wa zamani na ule mpya.

Malalamiko yangu: GIMP haina kitufe cha kupanga foto mbili zenyewe, na kwenye kompyuta yenye RAM ndogo inaburuta. Nyingine si kosa lake. Foto ikitiwa filta nzima, kila kitu hutoka kijivu, na inabidi kwanza usawazishe mwanga wa zote mbili kwa `Niveaux`. Foto mbili zilizopigwa kwa kufuatana hazilinganishiki kabisa, maana mawimbi na majani yameshasogea. Na hata kama hatua zote ziko sawa, unajua tu kwamba foto hizi mbili zinatofautiana. Kama ile uliyoiita asili nayo ilishaguswa kabla, tabaka litabaki jeusi. Kwa hiyo mwombe mpiga foto faili ya kamera, na aitume WhatsApp kama `Document`, isije ikabanwa njiani.