Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele au ya kufungua juu? Nimeishi nazo zote, uzoefu wangu

Mi niko Arusha, Sakina, mdogo wangu yuko Moshi kule Soweto. Mwaka 2021 tulinunua mashine zetu za kwanza tukiwa tumepishana mwezi mmoja tu, mimi nikachukua ya mlango wa mbele kilo 7 kwa laki 9 na 80, yeye akachukua ya kufungua juu kilo 8 kwa laki 7. Kila nikikutana na watu wenye familia wanaotaka kununua ya kwanza wananiuliza ipi, na mi huwa nawauliza kwanza simtanki lako limekaa juu kiasi gani, wananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Sasa sikia yaliyonikuta. Mashine imekuja, fundi kafunga, katoa zile nati nne za nyuma zinazoshikilia dramu wakati wa kusafirisha (msisahau hizo, zisipotolewa mashine inaruka ruka chumba kizima ikianza kukamua), tumeweka nguo, tumewasha. Inahema hema, maji yanaingia kama mtoto anakojoa, baada ya muda inaacha yenyewe inaandika kosa la maji. Tukawasha tena, vile vile. Mume wangu akataka irudishwe dukani tumeuziwa mbovu. Fundi akatoka nje akaangalia tanki akacheka, akasema mama hii mashine ni nzima, nyumba ndo haina presha.

Akatuelezea hivi. Kwenye kitabu cha mashine wanaandika presha ya chini inayotakiwa, yangu imeandikwa 0.05 MPa. Hiyo ni sawa na maji kukaa juu ya koki ya mashine kama mita 5, manake kila mita 1 ya kimo inakupa 0.01 MPa. Tanki langu liko kwenye stendi ya mita 2, likijaa maji yanapanda kama mita 1 na kidogo tena, toa koki ya mashine ambayo iko karibu mita 1 toka chini, nabakiwa na mita 2 na ushee. Likishuka nusu hata mbili hazifiki. Mashine ikifungua valvu inahesabu muda, maji yasipofika kiwango kwa wakati inajua hakuna maji inakata. Na hata siku inapojikongoja ikamaliza, sabuni ya unga inabaki imegandamana kwenye kidroo manake maji hayana nguvu ya kuisukuma, ukiona hivyo kwako shida ni presha, usihangaike kubadili sabuni.

Tulikuwa na njia mbili, kunyanyua tanki au kuweka pampu ndogo ya kusukuma ambayo inajiwasha maji yakianza kutembea. Tukaweka pampu, na kufunga ikatoka kama laki 1 na 60. Kwahiyo hiyo bei ya laki 9 na 80 niliyokwambia sio bei kamili. Mdogo wangu tanki lake liko chini kuliko langu, na mashine yake inajaa taratibu mpaka unasahau kama umewasha, ila inajaa. Na siku maji hayatoki kabisa anafungua mfuniko anamimina ndoo, basi. Ya kwangu ukijaribu hivyo utamimina kwa kikombe kwenye kidroo mpaka mkono ufe.

Haya, maji yenyewe. Disemba moja watoto wamefunga shule nikaenda kukaa kwake wiki mbili, nikawa na muda, nikafanya kitu nilichokuwa nataka kufanya siku nyingi. Nikachukua pipa la lita 200, nikatumbukiza bomba la kutolea maji machafu humo, nikafua nguo za watoto kama kilo 5 hivi, mwisho nikapima kwa ndoo. Yake ilitoa kama lita 135, yani inajaza ya sabuni, halafu inajaza tena mara mbili za kusuuza, na kila ikijaza inabidi nguo zielee. Niliporudi Arusha nikafanya vile vile na yangu kwa nguo za uzito huo huo, lita 55. Ya mlango wa mbele inalowesha nguo tu halafu inaziinua na kuziangusha, haihitaji zielee, ndo siri yake yote.

Kwangu mi nafua mara nne kwa wiki, tofauti ya lita 80 kila mara inakuwa karibu lita 1,280 kwa mwezi, ni kama madumu 64. Kama maji yako ni ya bomba la mamlaka na yanatoka kila siku hiyo ni yuniti moja na kidogo, haitakutisha. Kama unanunua kwa dumu au kwa boza utaisikia vizuri sana. Ila mdogo wangu naye mjanja, maji ya kusuuza ya mwisho anayakinga kwenye pipa anadekia na kumwagia chooni, kwahiyo ukimwambia anapoteza maji anakucheka.

Na hizo lita 55 zangu ni za sabuni sahihi. Mwanzoni nilikuwa natia ile sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, povu likajaa mpaka kwenye kioo cha mlango, mashine ikihisi povu inaongeza kusuuza yenyewe, siku moja nilipima ikafika zaidi ya lita 80 na nguo bado zinateleza sabuni. Tafuta iliyoandikwa ya mashine, yenye povu dogo, ni ghali kidogo lakini unatia vijiko viwili tu.

Kuhusu nguo kuchakaa, hapa sina maneno mengi, ya mbele inashinda. Tulinunua taulo za aina moja soko kuu, mbili zangu mbili zake, baada ya mwaka zake zilikuwa zimekuwa nyembamba unaona mwanga, zangu bado zina manyoya. Ya kwake chini kuna kile kisahani kinachozunguka, ndo kinachosokota nguo. Kanga inajifunga kwenye mkono wa shati, shati linajifunga kwenye suruali, unatoa kitu kimoja kama kamba ya kuvutia ng'ombe, na ukivuta kwa hasira vifungo vinabaki mkononi. Ule mfuko mdogo wa wavu ndani ya mashine unaokusanya nyuzi, yake unajaa baada ya kufua mara mbili tatu, na hizo nyuzi ndo nguo zako zenyewe. Sweta za shule anaweka kwenye mfuko wa wavu wa zipu, inasaidia.

Yangu sio malaika lakini. Vumbi letu hili la kiangazi, soksi za watoto waliocheza mpira, maji kidogo hayatoi mchanga wote, inabidi nizikung'ute na kuzisuuza kwanza kwa mkono kwenye beseni. Na waya wa sidiria ukichomoka unapita kwenye tundu la dramu unakwaruza huko ndani. Ila Juni na Julai, ile baridi ya manyunyu ambayo nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu zinanuka, hapo ndo naipenda, manake inakamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika na yake mwisho 700, za kwangu zinatoka karibu kavu. Maji ya moto situmii ovyo, kufua kwa 60 kunakula kama yuniti 1 ya LUKU, ya baridi ni robo yake tu, na ya kwake haina hita kabisa.

Sasa matengenezo, hapa ndo nililia. Mwaka wa tatu yangu ikaanza kelele ikikamua, kwanza kama feni mbovu, baadaye kama ndege inapaa, majirani wanauliza. Mi nikapuuza kama miezi miwili. Halafu nikaona madoa ya kahawia kwenye mashati meupe. Fundi hakufungua hata nati moja, akazima umeme, akafungua mlango, akashika dramu akainyanyua juu kwa mkono, ikacheza kakaka. Akasema beringi zimekwisha. Inavyokuwa ni kwamba sili inachoka, maji yanapita yanaosha grisi, beringi inashika kutu, na kinachoiwahisha ni kujaza kupita kiasi. Nilikuwa nafua mablanketi mawili makubwa kwa pamoja kwenye mashine ya kilo 7, kavu yanaingia, yakilowa ni mzigo wa punda.

Beringi mbili na sili ni elfu 65, sio hela ya kutisha. Shida ni kwamba tangi la nje la mashine yangu, lile ambalo dramu inazungukia ndani yake, limechomelewa kiwandani, halifunguki. Fundi wa kwanza alitaka ninunue tangi zima laki 3 na 80. Wa pili akasema atalikata kwa msumeno kwenye maungio, abadili, alirudishe kwa nati na silikoni, ufundi laki 1 na 20. Nikamwachia huyo, akashinda siku mbili mashine imesambaa sebuleni kama gari lililogongwa, ila mpaka leo haivuji. Jumla 185,000. Kwahiyo ukiwa dukani muulize muuzaji tangi linafunguka kwa nati au limechomelewa, asipojua piga picha namba ya modeli umtumie fundi wako kabla hujalipa.

Mdogo wangu kwa miaka hiyo hiyo ametengeneza mara mbili. Mara ya kwanza mota inanguruma haizunguki, ikawa kapasita, elfu 15. Mara ya pili mkanda, elfu 12. Na ufundi wa zote haukufika elfu 40, kijana alikuja na spana, akailaza mashine, akamaliza kabla chai haijapoa. Za kufungua juu nazo zina ugonjwa mkubwa, gia boksi ikifa, utaona dramu nzima inazunguka wakati wa kufua badala ya kile kisahani peke yake, hapo andaa laki na zaidi, ila yeye hajafika huko.

Mwaka jana tulichanga kumnunulia mama kule Kibosho. Tanki lake liko kwenye matofali, hata mita moja halifiki, umeme unakatika akiwa katikati ya kufua, na ana tabia ya kukumbuka soksi moja mashine ikishaanza. Hatukubishana, tukampelekea ya kufungua juu. Anasimama mfuniko uko wazi anaangalia nguo zinaloweka, anaongezea ndoo yake ya maji ya mvua, na vitenge vyake vizuri bado anafua kwa mkono, anasema hicho kidude cha chini hakina adabu.