Paneli ya sola kwa paa la bati Mwanza: nunua nafasi ya hewa kabla ya paneli ghali

Ukiona paneli ya wati 400 inatoa wati 330 saa saba mchana, jua likiwaka bila wingu, usiharakishe kumwita muuzaji tapeli. Ile 400 ya kwenye lebo ilipimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Nyakato au Igoma, saa hiyo, seli ziko mbali sana na 25.

Kwenye karatasi ya vipimo tafuta mstari huu:

```
Pmax  -0.35 %/°C
```

Maana yake ni kwamba kila nyuzi moja ikizidi 25, nguvu inapungua asilimia 0.35. Ukikuta paneli haina karatasi yenye mstari huo, mimi nasonga duka la pili.

Sasa tufanye hesabu. Hewa ya mchana iwe nyuzi 30 na jua kamili. Paneli ya kawaida iliyo wazi kwa nyuma hufika kama nyuzi 61, kwa sababu ni nyeusi na jua lote inalomeza bila kuligeuza umeme linabaki humo kama joto. Zimezidi 25 kwa nyuzi 36. Zidisha kwa 0.35 upate asilimia 12.6, zinabaki kama wati 350. Paneli hiyohiyo ukiilaza moja kwa moja juu ya bati, hewa ya nyuma inakwama na bati lenyewe linachemka. Tuseme seli zifike 75: asilimia 17.5 inaondoka, unabaki na 330. Wati 20 zimeliwa na namna ya kufunga tu.

Ndiyo maana nikizipanga paneli kuanzia chaguo bora, siangalii aina ya seli peke yake, naangalia pia jinsi paneli itakavyokaa.

Ya kwanza: paneli ya kawaida yenye seli za aina ya PERC, imeinuliwa. Hizi ndizo nyingi madukani, na mstari wake huwa karibu na −0.35. Pesa utakayookoa kwa kutonunua aina ghali, iweke kwenye reli za alminiamu na vishikio vya kuinua paneli sentimita 10 hadi 15 juu ya bati. Ukipata yenye seli za aina ya TOPCon, takriban −0.30, kwa bei inayokaribiana, ichukue. Ikiinuliwa inakupa kama 357. Lakini TOPCon iliyolazwa inatoa 340 tu, yaani inashindwa na PERC iliyoinuliwa. Watu wengi hapo ndipo wanapopotea: wanalipia karatasi nzuri, kisha fundi anaibandika kwenye bati.

Nafasi yenyewe lazima ipitishe hewa. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo iachwe ingie chini ya paneli na kutokea juu. Nimeona reli ndefu zilizokatisha mteremko zikakaa kama ukuta, nafasi ipo ila hewa haipiti. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Ukiwa na paa linalotazama ziwa bila kuzibwa na jiwe au ghorofa ya jirani, tumia upande huo. Upepo huohuo unaweza kuing'oa paneli, basi skrubu zishike mbao za papi, si bati tupu, na paneli isitokeze nje ya ukingo wa paa.

Ya pili: ongeza wati. Kama paa haliruhusu kuinua, PERC ya wati 450 iliyolazwa bado hutoa kama 371 katika joto lile la 75. Hesabu bei za dukani, mara nyingi hapa hakuna ubishi. Angalia tu kontrola yako, kile kifaa kati ya paneli na betri, inaibeba.

Ya tatu: paneli yenye seli za aina ya HJT. Yenye −0.25, hata ikilazwa inabaki na wati 350, sawa na PERC iliyoinuliwa. Nzuri kwa paa dogo ambalo halina pa kuongeza paneli. Kwa paa kubwa sioni sababu.

Ya mwisho: paneli ya zamani yenye seli za aina ya poli, imelazwa. Mstari wake huwa karibu −0.40. Ile ndogo ya betri ya volti 12 ina tatizo zaidi: hutoa kama volti 18 ikiwa baridi, na joto kali linaishusha kuelekea 14.4, ambayo ndiyo betri ya asidi inayohitaji ijae. Toa kinachopotea kwenye waya, na kwa kontrola ya bei rahisi ya PWM betri haijai, jua likiwa linaunguza.

Asubuhi na siku za mawingu tofauti hizi zote ni ndogo, kwa hiyo usizidishe hasara ya saa saba kwa siku nzima.

Kama tayari umefunga na unashuku, soma kontrola saa nne na saa saba. Volti za paneli zikishuka huku ampea ziko juu, ni joto. Volti zikiwa hazijashuka lakini ampea ni chache, angalia vumbi, kinyesi cha ndege au kivuli cha mwembe. Na usimwage ndoo ya maji baridi juu ya kioo mchana ili kupima. Kioo cha moto kinaweza kupasuka. Osha alfajiri.