Hela za shughuli: kikomo kwa kila tukio au fungu moja la mwezi?

Tuseme unapokea laki sita hapo Dar, na magrupu ya wasapu hayapoi, mara sendofu, mara bethidei, mara "wikiendi tunatoka wapi".

Wengi wanaanza na kikomo kwa kila tukio: nguo 30,000, mtoko 15,000, zawadi 20,000. Rahisi kukumbuka, ila haihesabu matukio. Disemba ikija na sendofu mbili za sare na zawadi, pamoja na mitoko minne, hiyo ni 160,000 na hujavuka kikomo hata mara moja! Halafu 30,000 ya sare mara nyingi ni kitambaa tu, fundi hajalipwa bado.

Fungu la mwezi ni, tuseme, 70,000 unaihamishia kwenye laini nyingine siku ya mshahara, ikiisha imeisha. Hapo sendofu ya kwanza unatoa zawadi 20,000, sare 30,000 na mshono ndani yake, mtoko mmoja 15,000, inabaki 5,000, sendofu ya pili unavaa gauni la zamani. Ubaya wake anayetangulia ndo anakula, wa tarehe 28 anaambulia pole.

Mi nachukua fungu, na baki la Kwaresma au Ramadhani, harusi zikipungua, nalisogeza mbele. Ila sema mapema, kabla kitambaa hakijanunuliwa: "Shoga nakuja, ila sare sichukui, ntavaa rangi hiyohiyo." Ukisubiri wameshakukatia, utalipa tu.